Wimbo wa Mwenzetu Aliyepandishwa Cheo

Vijana wa parokia, mara nyingi mnatujia mkiomba wimbo. Mwenzenu amepata kazi ya kudumu, dada yenu amefanywa mkubwa wa ofisi, mwalimu wenu ameitwa kuwa direkta wa shule, nanyi mnataka kuimba naye jioni baada ya kazi. Hapa Masako, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kilomita kumi na nne kutoka mjini Kisangani, sherehe kama hizo hazina budi kuwa fupi. Jua hutua karibu saa kumi na mbili, na wageni wanaorudi mjini kwa toleka hawapendi kupanda baiskeli gizani. Nyimbo tatu zinatosha, nne ni nyingi. Ndiyo maana yafaa tuzichague vizuri.

Tuanze na ule ambao Wakongo wote wanaujua. Mwezi Januari wa 1960 wanasiasa wetu walikuwa Bruseli kwenye Meza ya Duara, wakijadiliana na serikali ya Ubelgiji. Joseph Kabasele, tunayemwita Grand Kallé, alikuwa huko na bendi yake ya African Jazz, naye alikuwa amewachukua pia Vicky Longomba na Brazzos kutoka OK Jazz, bendi iliyoshindana na yake. Patrice Lumumba alifika akitoka gerezani, alikofungwa kwa sababu ya ghasia zilizotokea hapa kwetu, Stanleyville, Oktoba 1959. Tarehe 27 Januari ilikubaliwa kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Wanamuziki hao wakaimba Indépendance Cha Cha, na kabla ya mwaka kuisha karibu Afrika yote ilikuwa ikiucheza.

Wengi huusikia kama wimbo wa ushindi tu, na kweli haufichi furaha yake. Lakini sikilizeni majina yanavyopangwa ndani yake. Kallé hakumtaja shujaa mmoja. Alitaja vyama na viongozi mmoja baada ya mwingine, wakiwamo watu wasiosalimiana njiani: Kasavubu yumo, Lumumba yumo, Tshombe yumo. Kila msikilizaji alimsikia mtu wake, na kwa hiyo aliweza kuitikia bila kujiona ameshindwa. Wimbo haukuwapatanisha watu hao. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba aliuawa Katanga, mkoa uliokuwa mikononi mwa Tshombe. Wimbo una mipaka yake. Uwezo wake ni kuwaweka watu katika mdundo mmoja kwa muda wa dakika chache, na hatuwezi kuudai zaidi ya hapo.

Tangu wakati huo muziki wetu umepata desturi nyingine, na hii ndiyo inayoharibu sherehe zenu. Rumba yetu ina sehemu mbili. Kwanza huja maneno, polepole, na waimbaji wakipokezana. Kisha huja sebene, ambapo gita hukimbia na watu huinuka kucheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaiko Langa Langa waliingiza katika sebene mtu wa kupaza sauti na kuwachochea wachezaji, naye huitwa atalaku. Baadaye sauti hizo zikaanza kujaa majina ya wafadhili: mfanyabiashara huyu, mkubwa yule, aliyelipa ili atajwe. Jambo hilo huitwa libanga, yaani jiwe, na kumtaja mtu hivyo ni kumtupia jiwe. Ni neno la Kilingala lenye ukweli ndani yake, kwa maana jiwe lililotupwa sharti lianguke mahali, na aliyetupiwa sharti ajibu kwa matabisi.

Mnapoleta libanga katika sherehe ya wafanyakazi wenzenu, mnambadilisha mwenzenu kuwa mfadhili. Jana mlikula naye lituma katika sahani moja. Leo jina lake linapigwa mara kumi ndani ya sebene, naye anatia mkono mfukoni kwa sababu wote wanamtazama. Mshahara mpya bado hajaupokea. Tena wale ambao hawakutajwa wanaanza kuhesabu. Dalili yake ni rahisi kuitambua, wala haihitaji sikio la mwanamuziki: sikilizeni kiitikio. Kiitikio kikipungua nguvu kila jina linaporudi, na wachezaji wakikumbuka ghafla kwamba wana simu, basi wimbo umekwisha kuwa wa mtu mmoja.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili. Kwa kuogopa majivuno wanaimba wimbo wa jumla usiosema kitu, bila jina wala cheo, na sherehe inafanana na matanga. Hilo nalo si sawa. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi na kuaminiwa anastahili kusikia likisemwa wazi. Sisi tunaosali Masifu ya Jioni tunajua kwamba Bikira Maria, katika wimbo wake ulioandikwa na Luka, hakujidai kuwa hakuna kilichotokea. Alitangaza kwamba vizazi vyote vitamwita mwenye heri. Lakini angalieni vitenzi vyake: anayetenda mambo makuu humo ni Mungu, na Maria ni mtendewa.

Kiswahili chetu kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa kinapenda kauli ya kutendwa. Linganisheni «ameshinda» na «ameitwa». «Amewapita wenzake» na «amepewa funguo». Habari ni ileile, wala hakuna aliyepunguziwa heshima. Lakini «ameshinda» inataka mshindwa, na mshindwa huyo pengine ameketi kwenye benchi lililo karibu na ngoma.

Tuwasimulie jinsi ilivyokuwa kwetu, mwenzetu mmoja wa shule ya msingi alipoitwa kuwa direkta. Tulikuwa walimu tisa na wazazi wachache, chini ya mwembe, na jambo gumu tulilijua sote: alikuwapo mwalimu aliyetangulia kazini kabla yake, ambaye wengi walidhani zamu ni yake. Baadhi ya vijana walikuwa wameandaa spika kubwa na atalaku kutoka mjini. Tuliwaomba waiache spika, tukatunga wimbo mfupi wa maswali na majibu, wa kuimbwa kwa mwendo wa cha-cha, taratibu, ili hata wazee waufuate kwa makofi. Kabla ya siku ile tulimwendea yule mwalimu wa zamani nyumbani kwake, faraghani, tukamwomba achague mwenyewe kati ya kuanzisha wimbo, kupiga ngoma, au kutokuja. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, «Ngoma nitapiga. Kuimba, msiniombe.»

Mwanzilishi hakuwa mkubwa wala direkta mpya. Tulimchagua mwalimu wa darasa la pili, mwenye sauti ya kawaida, kwa sababu sauti kubwa mno huwanyamazisha wengine. Maneno yalikuwa haya:

Nani alifagia darasa kabla ya kengele?
— Tulifagia pamoja.
Nani aligawa chaki ilipobaki moja?
— Tuligawa pamoja.
Nani ameitwa leo kuzibeba funguo?
— Mwenzetu ameitwa, nasi tu nyuma yake.

Mtaona kwamba maswali mawili ya kwanza yanataja kazi zenyewe, zile ambazo kila aliyekuwapo amezifanya kwa mikono yake. Hatukuweka neno «bidii» wala neno «uongozi», kwa maana maneno hayo yangeweza kuimbiwa mtu yeyote mahali popote. Chaki moja iliyogawanywa ni jambo lililotokea, na walipoisikia walicheka, kisha wakaitikia kwa nguvu zaidi. Ninyi mkitunga wimbo wa muuguzi au wa karani, tafuteni chaki yake.

Jina la direkta mpya lilitajwa mara moja tu, mwisho wa swali la tatu, pamoja na cheo chake kamili, kabla ya ngoma kuongeza kasi. Tulilipanga hivyo kwa makusudi. Jina likitajwa mara moja katika sehemu ya polepole, ni habari, na watu huipokea kwa vigelegele. Likiingia ndani ya sebene, linarudi na kurudi kwa sababu sebene haina mwisho wake. Hukoma tu mpigaji anapochoka. Kwa hiyo katika sehemu ya kasi tuliacha maneno yote, tukabaki na ngoma, makofi na miguu.

Ilipofika zamu ya mwenye sherehe, aliimba ubeti wake mwenyewe. Hilo tulimwomba pia mapema, maana mtu aliyeshtukizwa hujisifu au hulia. Masharti yalikuwa mawili: ataje waliomfundisha, na asitaje mipango yake. Mipango ni ya mkutano wa Jumatatu. Alimtaja direkta aliyestaafu, akamtaja mama yake, akamtaja yule mwalimu wa zamani kwamba ndiye aliyemwonyesha namna ya kujaza daftari la mahudhurio. Ngoma haikusimama. Ilipunguza kasi kidogo tu, kisha ikaendelea.

Wimbo wa pili ulikuwa Indépendance Cha Cha yenyewe, kutoka simu ya mtu, kwa sauti ya wastani, na wazee walitufundisha hatua zake. Wa tatu ulikuwa wimbo wa shukrani ambao kwaya inaujua, ili asiyejua kucheza naye awe na pa kushika. Vinywaji aligawa direkta mpya kwa mkono wake, chupa kwa chupa, akianzia mwisho wa benchi. Kwetu mkubwa anayegawa mwenyewe huwa amesema mengi bila hotuba.

Mwalimu wa zamani hakungoja vinywaji viishe. Aliegemeza ngoma kwenye shina la mwembe, akamshika direkta mpya mkono, wakazungumza maneno machache ambayo hatukuyasikia, akapanda toleka. Baadhi yetu walitaka kumzuia, tukawaambia wamwache. Alikuwa amepiga nyimbo mbili nzima, na wa tatu ulipigwa na kijana wa darasa la sita, vibaya kidogo, huku watu wakicheza hivyohivyo mpaka kivuli cha mwembe kilipofika barabarani.