Khalifa, Ilyas na mtoto wa shoga yangu



Juzi nilikuwa kwenye daladala kutoka Musoma kwenda Bunda, nikimalizia riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwenzetu aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Inaitwa Afterlives, ilitoka 2020. Wengi huipenda kwa mapenzi ya Hamza na Afiya. Mimi nilibaki na Khalifa na Ilyas.

Khalifa ni karani wa tajiri katika mji wa pwani, enzi za Wajerumani. Ilyas anafika mjini na wanakuwa marafiki. Huyu aliibwa na askari akiwa mdogo, akasomeshwa na Wajerumani, na hasikii baya lolote juu yao. Khalifa ndiye anayemshawishi arudi kijijini kuwatafuta wazee wake. Anakuta wameshakufa, ila ana mdogo wake wa kike, Afiya. Anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha vita vya 1914 vinanukia na Ilyas anajiandikisha kuwapigania Wajerumani. Khalifa anamkataza, hasikii. Mtoto anarudishwa kijijini.

Huko mlezi wake anagundua kuwa anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Afiya anamwandikia Khalifa kijikaratasi, na Khalifa anakuja kumchukua.

Hapo ndipo urafiki unapopimwa, kwa sababu rafiki mwenyewe hayupo. Vita vinakwisha, miaka inapita, barua haiji. Khalifa anaulizia kila anapopata mwanya, na mtoto anaendelea kula kwake. Hasemi kwamba ni amana, anaishika tu.

Ila anayelipa zaidi ni mkewe, Bi Asha. Kwanza anampokea binti vizuri. Anapoanza kukua, anamwona mke mwenza anayenyemelea. Wasomaji wengi humchukia. Mimi siwezi. Nani alimuuliza yeye?

Khalifa anakufa bila kujua. Ni kijana wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anayekwenda Ujerumani miaka ya 1960 na kugundua kwamba Ilyas alifia katika kambi ya Wanazi mwaka 1942. Waliomfunga humo ni Wajerumani wale wale ambao alimwacha mdogo wake ili awapiganie.

Nimeisoma vibaya pengine, kwa sababu nyumbani kwangu yumo binti wa miaka tisa. Mama yake, shoga yangu wa Butiama, alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani akaniachia "kwa miezi mitatu tu, dada". Sasa ni mwaka na nusu, na tangu Mfungo Mosi simu yake haipatikani. Mume wangu hajasema neno, lakini siku hizi huhesabu unga.

Bunda nilimfuata shangazi yake. Naye hana habari. Niliporudi jioni mtoto alikuwa mlangoni, akaniuliza kama mama amepiga. Nikamwambia bado, nikampa ndizi nilizomnunulia njiani.