Kopo Linaporudi Nyumbani

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Tangu nirudi kutoka kwako Dar es Salaam nimekuwa nikiliwaza kopo la chakula la mjukuu wangu. Wiki nzima niliyokaa kwako ulilifungasha alfajiri, jioni ukalimwaga bila kulitazama, kisha ukatuma mtu dukani akalete biskuti, krispi na juisi ya boksi kwa ajili ya kesho yake. Uliniambia mwenyewe kwamba vitu hivyo vinakula kama shilingi elfu mbili kwa siku. Kwa siku tano za shule ni elfu kumi, na mtoto bado anarudi na njaa. Sikusema neno kwa sababu mama mkwe wako alikuwapo. Leo nasema.

Umeshamwita mtoto huyu mchaguzi mpaka na yeye anajiita hivyo. Lakini mimi nilikuwa nikilifungua lile kopo kabla yako, na nilichokiona humo kina maelezo yake.

Jumatatu ulimpa chapati za maji, chakula anachokipenda kuliko vyote, na zikarudi zote. Nilipofungua, kifuniko kilikuwa na matone kwa ndani, na chapati zimegandana kama karatasi iliyolowa. Kipande cha ndizi ulichoweka pembeni kilikuwa cheusi na laini. Mwanangu, uliziingiza chapati zikiwa zinafuka. Mvuke ulipanda, ukagusa kifuniko, ukageuka maji, yakazirudia chapati zenyewe. Hakuna mtoto atakayekula kitu kilicholowa hivyo, hata angekuwa si mchaguzi. Ukiepua chapati, zitandaze juu ya ungo bila kuzipanga moja juu ya nyingine. Zipe kama robo saa. Ziguse kwa nyuma ya mkono: zikiwa hazina joto tena ndipo uzikunje na kuzifungasha. Ndizi mpe nzima na ganda lake, tena zile ndogo.

Jumatano lilirudi yai. Alisema linanuka, nawe ukamgombeza. Nililikata katikati: kiini chake kilikuwa kimezungukwa na utepe wa kijani. Utepe huo hutokea yai likichemshwa kupita kiasi, na ile harufu hutoka hapohapo. Ukifunga yai la namna hiyo ndani ya kopo, mtoto akalifungua mbele ya wenzake, atalifunika haraka. Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika 10, basi, kisha litie kwenye maji baridi mpaka lipoe kabisa. Kiini kitabaki cha njano na harufu haitakuwapo.

Alhamisi ulimpa muhogo wa kuchoma. Ulirudi na alama moja ya meno, tena ubavuni. Umemtazama kinywa? Meno yake mawili ya mbele juu yamedondoka, na la tatu linacheza. Mtoto wa miaka saba yumo katika kipindi cha kung'oka meno. Hawezi kung'ata muhogo mkavu, wala pera gumu, wala hindi kwenye gunzi lake. Na mtoto wa umri huo hasemi “siwezi kung'ata”. Husema “sipendi”. Muhogo uleule uuchemshe ulainike, uukate vipande vya urefu wa kidole, atautafuna kwa magego. Hindi lipukuchue. Embe lisiende na kokwa.

Basi jambo la kwanza ninalokuomba ni kulisoma kopo linaporudi. Usimuulize kwa ukali. Tazama tu kilichobaki, kimebaki vipi, na kimeguswa wapi.

La pili ni namna ya kubadilisha. Nilikuona unabadilisha kila kitu kwa siku moja: jana chapati, leo wali wa nyama, kesho makande. Mtoto anayeogopa chakula kigeni akifungua kopo asione hata kimoja anachokijua, atalifunga. Shika kile anachokipenda, ukigeuze kidogo kidogo.

Chukua hizohizo chapati za maji. Vikombe 2 vya unga wa ngano, yai 1, chumvi kidogo, na maji vikombe 2, ukiyatia taratibu huku unakoroga mpaka uji uwe mwepesi kumiminika kwenye upawa bila madonge. Hapo utapata kama chapati nane za kikaango kidogo, na mbili zinamtosha mtoto. Zilizobaki ni chai ya nyinyi wengine. Jumatatu mpe za kawaida, zenye iliki na sukari kidogo, kama alivyozoea. Jumanne toa sukari, mkunie karoti nusu, kwa matundu madogo ya kikunio ili isimkwaruze ulimi. Jumatano mpakie siagi ya karanga nyembamba ndani, uikunje iwe kama mkeka, uikate vipande vitatu. Lakini kwanza muulize mwalimu kama darasani yumo mtoto anayedhuriwa na karanga. Wapo, na kwao si jambo dogo. Alhamisi tia kitunguu na majani ya giligilani yaliyokatwa sana. Unga ni uleule na kikaango ni kilekile, ila mtoto amekula vitu vinne. Usiku changanya unga na chumvi vikiwa vikavu. Maji na yai vitie alfajiri, maana uji uliolala bila friji huchacha kwa joto la huko.

Kando ya chapati weka tunda, na kando ya tunda weka kitu kigeni kimoja kisichozidi kijiko: vipande viwili vya tango, au bagia moja ya kunde, au kiazi kitamu kidogo. Kikirudi usiseme kitu. Baada ya siku chache kirudishe tena, kiasi kilekile. Kuna vyakula ambavyo mtoto huvionja baada ya kuviona mara kumi, hata kumi na tano, na wazazi wengi huacha kwenye mara ya tatu. Kwa kuwa ni kijiko tu, hasara yake haiumi.

Wali wa nazi usimpe wa shule. Najua anaupenda, lakini ukifungwa saa kumi na mbili asubuhi ukaliwa saa nne, nazi inaweza kuwa imeshaanza kuharibika kwa lile joto, na tumbo lake ndilo litakalolipa. Ale jioni nyumbani.

Juisi ya boksi iache kabisa. Mjazie maji chupa yake. Biskuti usizipige marufuku, maana ukizikataza ataziomba kwa wenzake. Mpe mbili siku ya Ijumaa, kutoka pakiti kubwa unayoifunga mwenyewe kwenye mkebe, usinunue vile vipakiti vya mojamoja.

Anza kesho na zile chapati za kawaida, zilizopoa. Ijumaa jioni, kabla hujaliosha kopo, nipigie simu uniambie kimebaki nini ndani yake.

Nisalimie mama mkwe wako na mume wako. Mjukuu wangu mpe busu.

Ni mimi shangazi yako.