Mizani Mbele ya Kamera

Zamani tangazo langu lilikuwa na milima ya Upare, ukungu wa asubuhi na kwaya inaimba kwa nyuma. Unga wa tangawizi ulionekana mwishoni tu, ndani ya pakiti, umeshafungwa. Watu waliisifu video, kisha wakauliza swali lilelile: mmechanganya na nini?

Swali hilo halikunikasirisha. Tangawizi kavu ikishasagwa, mnunuzi hana namna ya kuijua kwa macho. Wapo wanaoshauriana kudondoshea iodini, kwamba ikigeuka bluu basi kuna unga wa mahindi au muhogo. Kwa tangawizi, kipimo hicho hakifai kitu. Tangawizi yenyewe ina wanga mwingi, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ikiwa kavu, kwa hiyo iliyo safi kabisa nayo itageuka bluu. Ukiichemsha itakuwa nzito kidogo kama uji, kwa sababu hiyohiyo. Maabara wanaweza kuangalia punje za wanga kwa hadubini wakatofautisha za tangawizi na za mahindi, lakini muuza chai wa Tandika ataipata wapi hadubini?

Aliyenibadilisha ni mteja wa namna hiyo, mama anayeuza chai na supu Dar es Salaam. Alinipigia akasema, “Dada, milima nimeiona. Sasa nionyeshe mizani.” Nikakaa na binti wa kaka yangu, ndiye anayenipigia picha kwa simu, tukaandika mswada mpya. Kanuni yake ni moja: kila hatua inayobadilisha uzito ionekane juu ya mizani, na namba isomwe kwa sauti.

Huu ndio mwanzo wake, kama ulivyo kwenye daftari:

PICHA: Viroba vinashushwa. Namba ya mzigo inaandikwa ukutani kwa chaki. Mizani, kilo 60.
SAUTI: “Hii imetoka Mamba Miamba, bado ina udongo. Fuata hizi kilo 60 mpaka mwisho.”

PICHA: Beseni la tatu la maji, maji hayana tope. Mikono inakwangua maganda kwa kijiko. Mizani, kilo 51.
SAUTI: “Kilo tisa zimekwenda: udongo, maganda na vipande vilivyooza. Hatumenyi kwa kisu, kwa sababu harufu nyingi imekaa chini kidogo tu ya ganda.”

Baada ya hapo inakuja picha ya kukata, nayo ni fupi. Tunakata kwa kukingama, vipande vyembamba vya milimita tatu au nne. Ukikata kwa urefu, nyuzi zinabaki ndefu na chekeche litakuadhibu.

Kukausha ndiko tulikokupa nafasi kubwa, na ndiko kunakoeleza kwa nini karakana yangu iko Same mjini na si kule juu inakolimwa tangawizi. Mlimani kuna mvua, kuna mifereji na ndiva za kuhifadhi maji ya kumwagilia; tangawizi inapapenda. Lakini ukungu unaoifaa shambani ndio unaoiharibu ikishakatwa. Huku chini, upande wa kivuli cha mvua, hewa ni kavu na upepo haukosekani. Vipande tunavitandaza tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, ndani ya kikaushio cha jua chenye kipimajoto. Kikikaribia nyuzi 60 tunafungua milango, maana joto likizidi hapo harufu inatoka na hairudi. Jua likiwa kali, siku mbili hadi tatu zinatosha.

Mpwa wangu alitaka kukata sehemu ya kungoja. “Shangazi, nani ataangalia vipande vimelala tu?” Nikamwambia aiache, lakini tuoneshe namna ya kujua kwamba vimekauka. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio, kikipinda, bado. Mkono nao hudanganya, hasa kipande kikiwa cha moto. Kwa hiyo tunapima trei moja, tunairudisha kwenye kikaushio, tunaipima tena baada ya saa mbili. Uzito usiposhuka, tunatoa. Trei yenye doa la kuvu inatupwa yote mbele ya kamera. Hatukwangui doa tukaendelea, kwa kuwa kuvu hupenya ndani zaidi ya linapoonekana doa, na sumukuvu haitolewi kwa kukwangua wala kwa kuchemsha chai.

PICHA: Mizani, kilo 10 na gramu 200.
SAUTI: “Kilo 51 zimekuwa 10. Iliyoondoka ni maji.”

Hapo ndipo watu hushtuka, wakaandika kwamba tumeficha nyingine. Hesabu ni rahisi. Tangawizi mbichi ina maji kama asilimia 82. Katika kilo 51, kitu kikavu ni kilo tisa na kidogo tu. Ongeza unyevu wa asilimia 10 unaobaki hata ikikauka vizuri, unafika kwenye kilo 10 na ushei.

Kusaga kuna jambo ambalo wateja hawalijui. Mashine nyingi za mitaani husaga mahindi asubuhi, na unga wa mahindi hubaki kwenye kona za ndani. Anayepeleka tangawizi yake hapo anaweza kurudi na mchanganyiko bila kukusudia. Kwenye mswada tunaonesha mashine ikifunguliwa na kupigwa brashi, kisha tangawizi kidogo inapitishwa kuisafisha na kuwekwa kando, haiuzwi. Tunasaga kwa mafungu ili mashine isipate moto. Unga unapita chini ya sumaku kushika vumbi la chuma, halafu kwenye chekeche. Nyuzi zinabaki juu. Mizani ya mwisho: kilo tisa na nusu.

Tuseme tangawizi mbichi ni shilingi 2,000 kilo. Mzigo ule umegharimu 120,000, na kilo moja ya unga imeshakula zaidi ya 12,600 kabla ya kulipa mikono, umeme na pakiti. Gramu 100 haziwezi kuuzwa 1,000 na mwenye nazo akabaki kwenye biashara. Sauti ya video inasema hivyo tu, bila kumtaja mtu.

Bila shaka mtu anaweza kusema mizani ya kamera ni ya kamera. Ndiyo maana namba ya chaki ukutani ndiyo inayochapwa kwenye pakiti, na ndiyo kichwa cha ukurasa wa daftari la mzigo huo. Mteja akituma namba, tunampigia picha ukurasa. Nembo ya TBS ina kazi yake, na mjasiriamali mdogo anayeitaka aanze kwa SIDO wampe barua ya utambulisho. Lakini nembo haisemi juu ya mzigo wa juzi.

Si wote waliofurahi. Duka moja lililokuwa likichukua katoni liliacha, likitaka unga mweupe zaidi. Unga wetu ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na siwezi kuufanya mweupe bila kuuchakachua. Mama wa chai yeye aliomba ukurasa mara kadhaa, akaacha kuomba, anaagiza tu.

Sasa kuna mtazamaji aliyegundua kwamba picha zetu zote zina jua. Ameuliza, masika mnafanyaje? Jibu ni kwamba tunapokea mzigo mdogo, tunakata vyembamba zaidi, na wingu likikaa tunaacha kununua kabisa. Mpwa wangu ameshaanza kuandika sehemu hiyo, na picha yake ya kwanza ni ya kikaushio kitupu.