Daftari 118 na kalamu moja nyekundu

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda mazoezini, fanyeni kwanza hesabu hii kabla ya kununua hata shati jipya la kazini. Mimi nilipewa Kiswahili, Kidato cha Pili, mikondo miwili. Mkondo mmoja una wanafunzi 118, wa pili 112. Barua ya kuomba kazi ukiisoma kwa haraka ni dakika 3. Mara 230, ni saa 11 na nusu. Hilo ni zoezi moja, wiki moja, na bado kuna maandalio ya somo, zamu ya usimamizi, na chumba mnachopanga watatu chenye taa moja.

Tangu ada ilipofutwa hadi Kidato cha Nne, Januari 2016, shule nyingi za kata zinafundisha hivyo. Sisi huku chuoni mbinu tunafundishwa kwa darasa la watu 40.

Siku za mwanzo nilipitia madaftari ya nyuma kuona wamefika wapi. Binti mmoja wa safu ya mwisho, karibu na dirisha lisilo na kioo, daftari lake lilikuwa na tiki kubwa nyekundu kila ukurasa. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amenakili swali tu, jibu hakuna. Nalo lina tiki. Nikamwuliza, “Hapa ulipata?” Akasema, “Mwalimu, hiyo siyo ya kupata. Ni ya kuonekana.” Yaani watoto wanajua kabisa. Simlaumu aliyepiga tiki zile; wakaguzi wanataka kuona wino mwekundu, na saa za siku ni zilezile. Ila mtoto yule alikuwa amekaa muda wote huo bila mtu yeyote kumwambia wapi anakosea.

Basi nikaanza na usahihishaji kwanza, mengine yote nikayapanga yaufuate.

Darasa letu lilikuwa na madawati ya watu watatu, yamebanana hadi huwezi kuyasogeza. Ukisema “kaeni kwenye makundi” umepoteza dakika 10 za kipindi cha dakika 40. Kwa hiyo hakuna aliyehama. Dawati la kwanza linageuka nyuma kutazamana na la pili, la tatu na la nne vivyo hivyo. Watu sita. Kwa 118 nilipata vikundi 20, viwili vikiwa na watu watano. Kila kikundi kina namba, na ndani yake kila mtu ana namba yake, moja hadi sita, aliyoiandika juu ya jalada la daftari. Namba hizo hazibadiliki.

Makundi mengi hufa kwa sababu anayejua anafanya, watano wanapiga stori. Namba zinatibu hilo, mradi usitaje namba mapema. Unatoa swali, unawaambia wahakikishe kila mtu anaweza kulijibu, unawapa dakika 4. Halafu ndipo unasema, “Kikundi cha 9, namba 4, simama.” Kwa kuwa hakuna anayejua nani ataitwa, yule anayejua analazimika kuwafundisha wenzake. Utajua haifanyi kazi ukiona aliyesimama anageuka kumtazama mtu mmoja yuleyule kabla ya kufungua mdomo.

Sasa, vikundi 20 vikiongea, unavirudishaje? Mwalimu wangu mwenyeji alikuwa akigonga meza kwa rula. Makofi nayo wengi wanayapenda. Shida yake ni kwamba sauti inashindana na sauti, na darasa la pili ukuta wake ni mbao tupu. Ukipiga makofi wewe, wanaitikia wao. Mimi nilitumia mkono. Nasimama mahali palepale, kona ya kushoto ya ubao, nainua mkono. Anayeuona anainua wake na kufunga mdomo, aliye nyuma yake anauona wa huyo, hivyo hivyo hadi dirishani. Wiki ya kwanza ilichukua kama nusu dakika, baadaye hesabu ya nane au tisa.

Hapo pana kitu kimoja cha kushikilia: usiongee hadi kimya kiwe kamili. Ukianza wakati watu 10 bado wananong’ona, umewafundisha kwamba mkono maana yake ni “punguzeni”, siyo “nyamazeni”. Kesho watakuwa 20. Dalili ni kwamba hesabu inarefuka wiki hadi wiki. Na usiinue mkono zaidi ya mara tatu au nne kwa kipindi, utachuja kama wimbo wa redio.

Turudi kwenye barua zetu. Niliigawa alama 10 mara mbili. Alama 5 za muundo wanasahihisha wenyewe: anwani ya mwandishi kulia juu, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa cha habari baada ya salamu, sahihi na jina mwishoni. Ni vitu vya kuwepo au kutokuwepo, havihitaji hekima. Madaftari yanaruka kikundi kimoja, cha 1 kwenda cha 3, kwa sababu jirani kwa jirani hupeana 5 bila kusoma. Na anayesahihisha haandiki jumla mpaka aweke alama pembeni ya kila kitu kimoja kimoja.

Alama 5 za kiini ni zangu, ila kwa sampuli tu. Mwisho wa kipindi natangaza, “Leo namba tatu,” na namba tatu wa kila kikundi wanaleta. Madaftari 20 kwa kila mkondo, 40 kwa wiki. Kila moja nalipa dakika 5, siyo 3, na bado ni saa 3 na dakika 20. Ndani ya wiki 6 kila mwanafunzi amesomwa kwa makini mara moja. Kwa kuwa tulikuwa na wiki 8, mbili zilizobaki nilirudia namba zilizokwisha kupita, la sivyo aliyeshaitwa analala.

Barua ya kwanza, kati ya sampuli 20, 13 ziliweka kichwa cha habari kabla ya salamu. Sihitaji kusoma 98 zilizobaki kujua somo la kesho. Nne zilikuwa na 5 za wenzao wakati mimi niliona 3. Vikundi vilivyosahihisha nikavirudishia, wanionyeshe kwa kidole kila alama ilipo.

Mipaka ipo. Alama za wanafunzi haziingii kwenye rekodi ya maendeleo, na jaribio la mwisho nilisahihisha yote 230, usiku nne. Insha ya kubuni nayo haigawanyiki hivi. Muundo wake siyo wa kuhesabu kwa kidole. Na kwa wiki 8 mtoto dhaifu kusomwa mara moja au mbili ni kidogo, sitawadanganya. Wale niliowaona wameachwa sana niliita madaftari yao nje ya zamu.

Msimamizi alipokuja kutoka chuoni alifungua rundo, akakuta mengi hayana wino wangu. Akaniuliza kama nimechoka kazi mapema. Nikampa karatasi ya namba: wiki, namba iliyoitwa, makosa matatu yaliyojirudia. Akaisoma amesimama, kisha akasema, “Niletee namba 5 wa kikundi cha 20.” Ni yule binti wa dirishani. Akalipekua daftari polepole, ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye ile tiki ya zamani isiyo na jibu, akaniuliza hii ni ya nani.