Jumla Tatu Kwenye Karatasi Moja

Chukua ankara yoyote ya duka la spea hapa Maskati uikunje katikati kwa urefu. Kushoto utabaki na Kiingereza, kulia Kiarabu, na pale kwenye mkunjo ndipo nambari zinapokaa. Lebo mbili zinatazamana kama mashahidi wawili wa kesi moja. Nambari ni moja tu.

Hiyo "moja tu" ndiyo inayosahaulika watu wanapoiingiza ankara kwenye kompyuta.

Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani mwezi Aprili 2021, kwa asilimia 5. Tangu hapo, mwenye biashara aliyesajiliwa hutunza ankara zake za manunuzi kama hati ya kiwanja, kwa sababu kodi aliyolipa akinunua hupunguzwa kwenye kodi aliyokusanya akiuza. Mimi hutunza vitabu vya biashara ndogo ndogo, na mmoja wa wateja wangu ni mzee mwenye gereji Wadi Kabir, Mwarabu wa kwao aliyezaliwa Unguja, ambaye mpaka leo huhesabu fedha kwa Kiswahili. Karani aliyekuwapo kabla yangu alimwachia jedwali ambalo kila lebo ilipewa safu yake: tarehe ya Kiingereza na tarehe ya Kiarabu, jumla ya Kiingereza na jumla ya Kiarabu. Ankara za Kiarabu kitupu zilijazwa upande mmoja, na zile za lugha mbili zikajazwa pande zote. Hesabu ya mwisho ikakusanya kila kitu.

"Mwanangu," mzee aliniambia akiwa ameshika ule ukurasa, "mimi breki pedi nimenunua mara moja. Hizi za pili nimemfungia nani?"

Dawa yake ni rahisi kuisema. Unatengeneza seti moja ya nyuga, halafu unaandika ramani: lebo hii na lebo ile, zote ziende kwenye uga huu. `Date` na `التاريخ` ziende kwenye `invoice_date`, basi. Kwa lebo kama hizo kazi inaisha kabla chai haijapoa. Na sisi wa Kiswahili tunadhani tumebahatika, maana tarehe ni ile ile tarehe. Lakini bahati hiyo ina mitego. Bei yetu inatokana na neno ambalo kwa Waarabu ni mauzo. Bei kwenye ankara huitwa `السعر`. Na ukikuta "jumla" yenyewe, `الجملة`, usikimbilie kuiweka kwenye uga wa mwisho. Hapo muuzaji anasema amekuuzia kwa bei ya jumla, si ya rejareja.

Ugumu unaanza pale lebo moja inapojirudia. Hii hapa ankara moja ya mzee: filta nne za oili kwa rial 3.250 kila moja, ambazo ni 13.000, na seti mbili za breki pedi kwa 12.500, ambazo ni 25.000. Chini kuna 38.000, kisha kodi 1.900, kisha 39.900. Juu ya safu ya mwisho ya jedwali la bidhaa pameandikwa `Total`. Mbele ya 38.000 pameandikwa `Total`. Mbele ya 39.900, `Total` tena. Mwenye kutegemea Kiingereza peke yake amekwama.

Kiarabu kinasaidia, ila nusu ya safari. Mbele ya 38.000 kinasema al-majmuu, na mbele ya 39.900 kinasema al-ijmali, kwa hiyo zile mbili za chini zinaachana. Lakini juu ya safu ya bidhaa nako wameandika al-ijmali. Hakuna lugha inayozitenganisha zote tatu. Kinachozitenganisha ni lugha mbili pamoja na mahali lebo ilipokaa, na kwa hiyo kila mstari wa ramani yangu una vitu vitatu kabla ya mshale:

```
Total | الإجمالي | bidhaa -> line_total
Total | المجموع | chini -> subtotal
Total | الإجمالي | chini -> grand_total
```

Mahali ndipo panapookoa pia nambari ya kodi. Ankara kamili ya kodi huwa na nambari ya muuzaji na ya mnunuzi, zote zikianza na `OM`, zote chini ya lebo ile ile, `VATIN`, na Kiarabu chake kile kile. Programu inayobeba ya kwanza inayoiona hubeba ya muuzaji leo, na kesho, duka jingine likichapa jina la mteja juu, hubeba yako mwenyewe. Hapa kuna kipimo kisichohitaji lugha yoyote: nambari ya mzee tunaijua. Ikitokea kwenye `seller_tax_id`, ankara hiyo inasema mzee amejiuzia breki, nayo inarudi mezani.

Baada ya ramani huja hesabu, na hesabu ni shahidi mzuri. 38.000 jumlisha 1.900 lazima iwe 39.900. Kama `subtotal` na `grand_total` zimebadilishana, hesabu inakataa hapo hapo. Ila kuna kosa moja ambalo hesabu hulipitisha huku ikitabasamu.

Rial moja ina baisa elfu moja, kwa hiyo baada ya nukta huja tarakimu tatu. Upande wa Kiarabu ankara hii imechapwa `٣٩٫٩٠٠`, na ile alama ya desimali inafanana mno na mkato. Programu ikiisoma kama mkato wa maelfu, rial thelathini na tisa na kidogo zinakuwa rial elfu thelathini na tisa na mia tisa. Kwa sisi tuliokulia kwenye shilingi, tarakimu tatu baada ya mkato ni maelfu siku zote, na hata jicho halishtuki. Sasa jaribu kuikagua: 38,000 jumlisha 1,900 ni 39,900. Asilimia 5 ya 38,000 ni 1,900. Filta nne kwa 3,250 ni 13,000. Kila kitu kimekuwa kikubwa mara elfu moja, na kwa kuwa vyote vimekua pamoja, hakuna kinachopingana na kingine.

Kinacholikamata ni mstari ambao makarani wengi huuruka, kiasi kilichoandikwa kwa maneno chini kabisa: rial thelathini na tisa na baisa mia tisa, tu. Maneno hayana nukta wala mkato. Nimeupa mstari huo uga wake, `amount_in_words`, na hauingizwi kwenye hesabu yoyote. Kazi yake ni kulinganishwa na `grand_total`. Nambari za Kiarabu nazo zikiwapo sambamba na za Kiingereza, nazitendea vivyo hivyo: ya pili ni ya kulinganisha, haijumlishwi. Zikitofautiana sichagui mshindi, naita dukani.

Zimebaki ankara ambazo lebo zake zenyewe zinabishana. Kuna duka moja ambalo vitabu vyake vilichapwa safu ya `Unit` kwa Kiingereza, na juu yake Kiarabu kikasema bei ya kila kimoja. Ukiamini Kiingereza unatarajia neno, "pisi" au "boksi". Ukiamini Kiarabu unatarajia fedha. Hapo natazama kilichoandikwa chini ya lebo: ni 3.250, basi ni bei. Duka hilo nimelipa ramani yake peke yake, iliyofungwa kwenye nambari yake ya kodi, nayo itatumika mpaka vitabu vile viishe na wachape vingine.