Wasusi Waliniita "Kamera", na Walikuwa Sahihi

Leo simchambui mtu, leo najianika mwenyewe. Kabla sijaanza kuwaletea ubuyu nilikuwa msimamizi wa saluni moja pale Sinza, mali ya dada mmoja wa bongo muvi, jina kapuni. Wasusi walikuwa watano, na nyuma ya mgongo wangu waliniita "Kamera".

Jina lilinistahili jamani. Msusi akigawa mstari, nipo. Akichota rasta, namwambia punguza. Akianzia mbele, namrudisha aanzie kisogoni, kwa sababu mimi nilifundishwa hivyo. Nilijiona nalinda kazi ya bosi.

Ila angalia kilichokuwa kinatokea. Rasta ndogo za bila fundo, zile unazoanza na nywele ya mteja halafu unaongeza rasta kidogo kidogo, zilitakiwa kuchukua saa tano hivi. Kwetu zilifika saa saba. Kila baada ya mistari michache msusi anasimama ananisubiri nipitishe. Na wale dada walikuwa wanalipwa kwa kichwa, sio mshahara. Kwa hiyo ukaguzi wangu ulikuwa unawala hela mfukoni.

Siku moja nikaumwa, sikwenda. Akaja mteja anataka rangi mbili zichanganywe. Msusi wetu wa Tanga, mkono wake mwepesi kuliko wote, akashindwa kuamua achanganye vipi. Akanipigia mara nne, simu nimezima. Mteja akaondoka. Nilivyorudi nikamfokea, akanijibu taratibu tu: "Dada, ulinizoesha nisiamue. Leo ulitaka niamue?" Halafu akasema mwisho wa mwezi anaondoka.

Nikampelekea bosi mashtaka. Nilidhani atanitetea. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mteja analipia nini? Analipia alikoanzia msusi, au kichwa anachotoka nacho?" Nikakosa jibu.

Kesho yake nikakaa na wasusi wote, tukaandika kichwa kizuri ni kipi. Yalitoka mambo manne tu: mistari imenyooka, mteja haumii kwenye paji la uso, ncha hazifumuki, na muda tuliomuahidi umetimia. Jinsi ya kufika hapo, kila mtu na mkono wake.

Na mimi nikabakiwa na vituo vitatu. Cha kwanza, kabla ya kuanza: msusi na mteja wanaangalia picha, wanakubaliana ukubwa, bei na saa ya kumaliza. Cha pili, baada ya mistari ya mwanzo, namuuliza mteja kama inavuta, maana hapo kufumua bado ni rahisi. Cha tatu, mwisho. Katikati nakaa kaunta. Pia nikaweka daftari la wateja wanaorudi kulalamika ndani ya wiki mbili. Hilo lilinionyesha ukweli kuliko macho yangu.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa inaniwasha. Dada wa Tanga akaanzia mbele, nikanyanyuka, nikajirudisha kwenye kiti. Akamaliza ndani ya saa tano, mistari kama imepigwa rula. Akaniambia kwa nini: pembeni ya paji la uso nywele ni dhaifu, anapenda kuzishika mkono ukiwa bado haujachoka. Miezi yote ile nilikuwa namzuia kufanya kitu cha akili!

Yalikuwepo na makosa. Mteja mmoja alirudi siku ya tatu na vipele vidogo kwenye paji la uso, dalili kwamba zimekazwa mno. Zamani ningemsimamia msusi wake wiki nzima. Safari hii tulifumua zile za mbele, nikamuuliza, "Hapa mteja asiumie tena, utafanyaje?" Akasema atachota rasta kidogo zaidi pale pembeni na kulegeza mwanzo. Daftari halikumuandika tena kwa kosa hilo.

Ila vitu viwili sikuachia. Kuchovya ncha kwenye maji ya moto kuna utaratibu mmoja kwa wote: taulo begani kwa mteja, na chombo hakiwekwi mapajani kwake. Mtu akiungua huwezi kumfumua ukaanza upya. Na anayejifunza nilikaa naye karibu, kwa sababu kumwachia asiyejua sio kumwamini, ni kumtelekeza.

Dada wa Tanga hakuondoka. Siku yangu ya mwisho pale, funguo za saluni nilimkabidhi yeye, nikaondoka bila kumwachia maelekezo hata moja. Sawa, nilimpigia jioni. Mara moja tu!

Haya, na wewe kazini kwako una Kamera, au Kamera ni wewe?