Kabla hujamkabidhi dereva ufunguo wa kenta

Ndugu mkulima, matenga yangu 20 ya nyanya yalisagika mteremkoni kwa sababu nilimwuliza dereva, "Unajua kuendesha?" Nani atajibu hapana? Siku hizi nauliza: "Una mzigo, breki zinalegea mteremkoni, unafanyaje?" Anayejua hutaja kushusha gia mapema, hatazima injini. Leseni naishika mkononi na kusoma daraja; B peke yake haimruhusu kuendesha gari la biashara. Namba yake naipeleka ofisi ya TRA ihakikiwe, maana picha ya kwenye simu hutengenezwa. Kisha tunaingia barabarani kenta ikiwa na mzigo. Kabla hajawasha, nakaa kimya nione kama atakagua matairi, maji na oili. Yule wa kwanza alipanda tu.